Lawama ya Mgeni na Lawama ya Mshindani

Wengi wa wanafunzi wa zamani wa shule yetu sasa ni wenye maduka, mikahawa na nyumba za kulala wageni. Biashara zao husifiwa au kulaumiwa kwa maoni ambayo wateja huandika kwa simu na kuyapima kwa nyota, tangu moja hata tano. Basi lawama ikija, mwenye biashara hana budi kujiuliza: je, aliyeandika ni mteja aliyeudhika kweli, au ni mshindani aliyejificha nyuma ya jina la uongo? Akikosea upande mmoja, atamwita mteja wake mwaminifu mwongo mbele ya watu. Akikosea upande wa pili, ataacha jina lake liharibiwe bila ya kujitetea.

Kwamba washindani hufanya hivyo si dhana tu. Mwaka 2014 ilitangazwa kazi ya wataalamu watatu waliochunguza hoteli za Marekani kwa njia ya werevu. Walilinganisha maoni ya mahali pawili. Katika TripAdvisor mtu yeyote aliweza kuandika, hata kama hakulala hotelini. Katika Expedia aliandika yule tu aliyelipia chumba kwa njia hiyo. Kama lawama zote zingekuwa za kweli, hoteli moja ingelaumiwa kwa kadiri ile ile mahali pote pawili. Lakini hoteli zilizokuwa na mshindani jirani zilipata nyota moja na mbili kwa wingi zaidi pale palipokuwa wazi kwa kila mtu, hasa kama jirani huyo alikuwa hoteli ya mtu mwenye hoteli moja tu.

Sasa na tutazame mfano tulioutunga kwa ajili ya somo hili. Kuna nyumba ya wageni yenye vyumba 8, isiyo na ghorofa, karibu na stendi ya mabasi. Kwa kawaida hupata maoni mawili kwa mwezi. Mara, katika wiki moja, yakaja maoni manane, yote ya kulaumu. Mwenye nyumba asianze kujibu kwa hasira. Achukue daftari la wageni, akae kitako, asome.

Lawama ya kwanza yasema hivi: “Nilipewa chumba cha mwisho karibu na tangi. Saa kumi na moja alfajiri maji yalikatika, nikaletewa ndoo moja ya maji baridi. Mashuka yalikuwa safi.” Nyota mbili. Ya pili yasema: “Wezi wakubwa! Mahali pabaya kabisa, chakula kibovu, wahudumu hawana adabu hata kidogo. Familia yangu yote ilisikitika. Afadhali hoteli mpya iliyo ng’ambo ya barabara.” Nyota moja.

Tazama tofauti. Mwandishi wa kwanza ametaja mahali, saa na ndoo moja, mambo ambayo daftari na wafanyakazi waweza kuyathibitisha au kuyakana. Tena hakunyima sifa pale ilipostahili. Wa pili ametoa hukumu nyingi, lakini hakuna tukio hata moja. Maneno yake yangefaa kubandikwa kwenye mlango wa nyumba yoyote.

Jambo hili nalo limepimwa. Mwaka 2013 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Cornell walitangaza jaribio ambalo watu waliambiwa wajifanye wafanyakazi wa hoteli moja, waandike lawama ya uongo juu ya hoteli shindani. Lawama hizo zikalinganishwa na za kweli. Za uongo zilizidisha maneno ya uchungu na chuki. Katika kazi yao ya mwaka 2011 juu ya sifa za uongo, walikuwa wameona kwamba maoni ya kweli hutaja zaidi mahali na ukubwa wa vitu, kama bafu na chumba. Sababu yaeleweka: aliyelala humo anakumbuka, na asiyelala hana budi kubuni, na kubuni hasira ni rahisi kuliko kubuni bafu.

Baada ya maneno, tazama wakati. Lawama ya pili ililetwa Jumapili usiku, saa nne. Nyingine mbili za namna hiyo zikafuata kabla ya saa tano, na moja ikalalamikia kitanda cha “ghorofa ya tatu” katika nyumba isiyo na ghorofa. Majina yote matatu hayakuwa yameandika lolote kabla ya siku hiyo, na mawili yaliisifu hoteli mpya ya ng’ambo, ambayo ilifunguliwa Ijumaa, siku mbili tu nyuma. Tena daftari laonyesha kwamba juma lile hakuna familia iliyolala. Hapo shaka ina nguvu, kwa kuwa maneno, saa na daftari vyote vyaelekea upande mmoja.

Lakini usidhani kwamba lawama zikija kwa kundi ni za uongo. Zimesalia nne, zilizokuja Jumatatu hata Jumatano, zote zikilalamikia pilau na kuumwa tumbo. Ukifungua daftari utaona kwamba Jumamosi walilala wageni 12 wa arusi moja, wakala sufuria moja. Kundi hili lina chanzo chake ndani ya nyumba yenyewe. Mwenye nyumba akiwaita hawa wapandikizi, atakuwa amewadhulumu, na jikoni lake litabaki na kasoro ile ile. Kwa hiyo kila unapoona kundi, uliza: ni jambo gani lililotokea kabla yake? Kama ni karamu, au siku ya maji kukatika, chanzo ni chako. Kama ni kufunguliwa kwa mshindani na hakuna lingine, endelea kuchunguza.

Kipimo hiki kina mipaka yake. Mteja wa kweli aweza kuandika matusi matupu kwa sababu ya uchungu. Yule wa “ghorofa ya tatu” huenda alikosea jina, akailaumu nyumba yako badala ya nyingine. Na mshindani mjanja aweza kumtuma mtu alale usiku mmoja, au kumtumia mfanyakazi uliyemfukuza, ambaye anajua mpaka tangi liliko. Kwa hiyo dalili moja peke yake haitoshi kumhukumu mtu.

Njia salama ni kujibu palepale, kwa adabu, kwa swali moja: “Samahani ndugu, ulilala tarehe gani na katika chumba kipi, ili tutazame kosa letu?” Mteja wa kweli mara nyingi hujibu, kwani anataka haki yake. Mpandikizi huona taabu kujibu, maana kila tarehe atakayotaja itapimwa kwa daftari. Kunyamaza si ushahidi kamili, ila wasomaji wengine wataona swali lako na kuamua wenyewe. Kisha wapelekee wenye mtandao huo yale unayoweza kuyaonyesha: saa za kuandikwa, ghorofa isiyokuwapo, na daftari lisilo na familia. Usimtaje jirani yako kuwa ndiye, maana hayo huwezi kuyaonyesha, na lawama yako isiyo na ushahidi itafanana na ile unayoilalamikia.

Wale wa maji na wa pilau wajibu kwa njia nyingine: waombe radhi, kisha tengeneza tangi na uchunguze sufuria.