Kumwuliza Mlaji Akwambie Kweli

Wenzangu wengi wasomao biashara hudhani ya kuwa kujua mawazo ya wanunuzi ni kazi ya makampuni makubwa yenye fedha za kuajiri watafiti. Napenda kuwaeleza jinsi kazi hiyo ilivyofanywa katika mgahawa mdogo huko Kimara, likizo ya Desemba, kwa daftari moja gumu na kalamu mbili.

Mgahawa wenyewe ni wa mama yangu mdogo. Uko karibu na Kimara Mwisho, kwenye kituo cha mabasi yaendayo haraka yaliyoanza kazi mwaka 2016. (Msomaji asiye mwenyeji na ajue ya kuwa Kimara ilikuwa katika Wilaya ya Kinondoni, siku hizi imo katika Wilaya ya Ubungo.) Walaji wake ni waendesha bodaboda, mafundi, wauza maduka na abiria wapitao njia.

Sahani za mchana zilikuwa zikipungua. Mama mdogo aliamini ya kuwa sababu ni bei, kwani alikuwa amepandisha wali kwa nyama kutoka shilingi 2,500 hadi 3,000, naye alitaka kuirudisha ya zamani. Hebu piga hesabu. Kwa sahani 50 kwa siku, shilingi 500 zikipunguzwa ni shilingi 25,000 kila siku, na kwa mwezi ni fedha ipitayo kodi ya banda lenyewe. Basi ilipasa kwanza kuhakikisha kama ni bei kweli.

Mama mdogo alikuwa na desturi ya kuwauliza walaji, "Chakula kizuri, baba?" Nao wote hujibu, "Kizuri sana, mama." Jibu hilo ni heshima tu. Mpishi amesimama mbele yako, ni mtu mzima, amekuandalia kwa mikono yake. Nani atamwambia kuwa nyama ilikuwa ngumu? Tena swali lenyewe limekwisha kubeba jibu lake. Kwa hiyo tulikubaliana kwamba mpishi asiulize. Niulize mimi niliyekuwa nikimwagia watu maji ya kunawa. Na wakati wa kuuliza ni pale mtu anaponawa baada ya kula, si wakati wa kulipa, maana mwenye kulipa ana haraka na macho yake yako kwenye chenji.

Maswali yalikuwa mawili tu. La kwanza: "Kaka, leo ni kitu gani kimekuudhi hapa, japo kidogo?" La pili: "Jana mchana ulikula wapi?" Swali la kwanza linamruhusu mtu kulaumu bila kuonekana mkorofi. La pili halimwulizi maoni hata kidogo. Linamwuliza jambo alilolifanya, na mtu hukumbuka ya jana vizuri kuliko anavyojua kubashiri atakayofanya kesho. Ukimwuliza, "Bei ikishuka utakuja kila siku?" atasema ndiyo, na ndiyo hiyo haina thamani. Jibu niliandika kwa maneno yaleyale aliyoyatamka. Akisema "mnatukalisha," niliandika "mnatukalisha," wala si "huduma mbovu," kwa sababu neno "mbovu" halimwonyeshi mtu aanze kurekebisha wapi.

Nimesoma ya kuwa mwaka 2003 Mmarekani mmoja, Fred Reichheld, aliwashauri wenye makampuni waulize swali moja tu: kutoka sifuri hadi kumi, je, ungemshauri rafiki yako atumie huduma yetu? Makampuni mengi yalilifuata. Kwa banda la chakula mimi silioni kuwa na faida kubwa. Walaji wetu wangetoa kumi kwa adabu, na hata atoaye sita hakwambii la kutengeneza.

Sasa daftari la maoni. Siku nne za kwanza liliwekwa juu ya meza ya mwenye fedha, na maandishi yakawa matatu tu: sifa mbili na mzaha mmoja wa kumposa msaidizi wa jikoni. Tulilihamisha karibu na ndoo ya kunawia, ambapo mpishi haoni nani anaandika, kalamu ikafungwa kwa uzi. Kila asubuhi nilifungua ukurasa mpya, kwa maana mtu akikuta sifa tano zimeandikwa juu, yeye naye huandika ya sita. Juu ya ukurasa niliandika swali, "Leo nini kimepungua?" Jina halikutakiwa. Baada ya hapo tulipata maandishi manne au matano kwa siku. Wako waliotushauri tutoe soda kwa kila anayeandika. Tulikataa, kwa kuwa mwenye soda ya bure mkononi hana ulimi wa kulaumu.

Lakini maswali na daftari vina upungufu mmoja mkubwa: huwafikia wale wanaokuja tu. Aliyeacha kuja ndiye mwenye habari, naye hayuko. Kwa hiyo nilikwenda kwenye kijiwe cha bodaboda, saa tisa alasiri ambapo kazi ni chache, nikakaa nao. Sikuwauliza kwa nini wameacha kula kwetu, maana wangejitetea. Niliwauliza mchana wao huwaje. Mmoja akasema, "Mdogo wangu, nikikaa kwenu dakika ishirini nangoja ugali, abiria wawili wamepita." Mwingine asiyekuwapo wakati huo alinieleza maneno karibu yaleyale siku ya pili. Walipokuwa wakila siku hizo? Kwa mama mwingine upande wa pili wa barabara, kwa bei ileile ya shilingi 3,000!

Baada ya siku kumi nilikuwa na watu 31. Idadi hiyo haitoshi kusema ni sehemu gani ya walaji wote wanaolalamika; yatosha kuonyesha kwamba tatizo lipo. Kipimo chetu kilikuwa kwamba jambo likitajwa na watu watatu wasiokaa pamoja, lichunguzwe. Bei ilitajwa na wawili. Kungoja kulitajwa na kumi na mmoja, na kukosa chenji na sita.

Nilichukua saa nikapima tangu mtu anapoagiza hadi sahani inapofika. Kati ya saa saba na saa nane ilikuwa dakika 17 kwa kawaida. Sababu ilionekana upesi: ugali ulisongwa mara moja tu, ukiisha saa saba na robo watu wote hungoja sufuria ya pili kwenye jiko lilelile la mkaa. Mama mdogo akaongeza jiko la pili, akasonga ugali wa kwanza saa sita na nusu na kuuhifadhi ndani ya hotipoti, na wa pili ukaanza kabla ya wa kwanza kwisha. Chenji ikatafutwa asubuhi. Bei hakuigusa, ili tujue ni badiliko lipi lililofanya kazi.

Majibu yaliandikwa katika daftari lilelile, kwa wino mwekundu, chini ya kila lalamiko. Hata ombi la kula kwa mkopo lilijibiwa: "Hatuwezi, mkaa twanunua taslimu." Walaji walianza kufungua kurasa za nyuma kuona wamejibiwa nini, na maandishi yakazidi.

Muda wa kungoja ulishuka hadi dakika 8. Sahani za waendesha bodaboda, ambazo mama mdogo huziandika kando, zilikuwa 9 kwa siku. Wiki ya pili zikawa 16. Sikulinganisha na wiki ya Krismasi, kwani wakati huo fedha mfukoni ni nyingi na kila mgahawa hujaa. Nililinganisha Jumatatu na Jumatatu, Jumanne na Jumanne. Nilipoondoka kurudi shule mwezi Januari, lalamiko lililokuwa likiongoza katika daftari lilikuwa jingine kabisa, yaani nzi.