Kwa Nini Tana Ina Delta Lakini Dodori Ina Hori

Msafiri anayetoka Witu kuelekea Garsen hupita katika nchi tambarare yenye vinamasi, mabwawa na mifereji ya maji baridi. Hiyo ni delta ya Mto Tana, inayogawanywa kati ya kaunti za Lamu na Tana River. Lakini akipanda mashua kutoka Lamu kwenda kaskazini, kupita Pate na Ndau, ataikuta Hori ya Dodori: mkono wa bahari unaoingia ndani ya bara, wenye mikoko pande zote mbili na maji ya chumvi. Mito yote miwili huingia katika Bahari ya Hindi, na pwani ni ile ile. Tofauti inatokana na hesabu moja: kiasi cha udongo ambao mto huleta, ukilinganishwa na kiasi ambacho bahari inaweza kumeza au kukiondoa.

Pwani iliyozama

Karibu miaka 20,000 iliyopita, maji mengi ya dunia yalikuwa yameganda kuwa barafu, na bahari ilikuwa chini zaidi ya mita 100 kuliko ilivyo leo. Mito ya pwani ilichimba mabonde yake hadi kwenye ufuo wa wakati huo, mbali na ulipo ufuo wa sasa. Barafu ilipoyeyuka bahari ilipanda, ikaingia katika mabonde hayo, na mwendo wake ukapungua sana karibu miaka 6,000 iliyopita.

Tangu hapo kila mto ulibaki na bonde lililojaa maji ya bahari mlangoni mwake. Mto wenye udongo mwingi ulilijaza bonde lake na kuligeuza kuwa nchi kavu. Hiyo ndiyo delta. Mto wenye udongo kidogo haujalijaza hadi leo, na bahari bado imekaa ndani yake. Bonde la namna hiyo, ambamo maji ya mto na ya bahari huchanganyika, ndilo hori la mlango wa mto.

Udongo unavyotua

Maji yanayokwenda kasi hubeba mchanga na tope. Mto ukifika baharini, kasi yake huvunjika na mzigo huanza kushuka. Mchanga ni mzito, kwa hiyo hutua kwanza na kufanya fungu katikati ya mlango. Maji hulizunguka fungu hilo kwa kulia na kushoto, na mkondo mmoja huwa miwili. Kila mkondo nao hujenga fungu lake, na hivyo delta hugawanyika kama matawi ya mti.

Udongo mfinyanzi ni laini mno. Katika maji baridi chembe zake husukumana na kubaki zikielea. Zikikutana na chumvi hushikamana, huwa mabonge na kuzama. Jambo hili linaweza kuonekana nyumbani. Chukua chupa mbili za maji yale yale ya mto yenye tope, tia kijiko cha chumvi katika moja, tikisa zote na uziache. Yenye chumvi huanza kutakata kwanza. Ndiyo sababu tope hujikusanya pale maji ya mto yanapokutana na ya bahari, na mikoko hupata mahali pa kushika mizizi.

Mito miwili, mizigo miwili

Tana ni mto mrefu kuliko yote nchini, karibu kilomita 1,000. Maji yake hutoka Aberdare na Mlima Kenya, ambako mvua ni nyingi na miteremko ni mikali, na ndiyo maana huwa mekundu yanapofurika. Kwa maelfu ya miaka udongo huo umelijaza bonde lililozama, ukaacha tambarare ambayo sehemu yake iliorodheshwa mwaka 2012 kuwa ardhioevu ya kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar.

Dodori ni mto wa msimu. Huanza katika nyika ya bara, mahali pasipo milima, na maji yake hutegemea mvua za karibu. Mzigo wake ni mdogo. Kwa upande mwingine, bahari ya Lamu wakati wa bamvua hupanda na kushuka karibu mita 3. Maji hayo huingia horini na kutoka mara mbili kwa siku, na mkondo wake huchimba njia na kuiacha wazi. Mahali palipotulia tope hubaki na mikoko huota, lakini katikati bahari inashinda.

Hata hivyo, ramani inaonyesha kwamba delta ya Tana haijitokezi sana baharini. Sababu ni mawimbi. Katika Ghuba ya Ungwana mawimbi na mikondo ya pwani huusogeza mchanga kando ya ufuo, na upepo huupandisha kuwa vilima. Kwa hiyo delta imejengeka zaidi nyuma ya vilima hivyo kuliko mbele yake.

Tena, mlango wa Tana ulioko Kipini haukuwa wake tangu zamani. Ulikuwa wa mto mdogo wa Ozi. Tana ilikuwa ikimwaga maji yake kusini zaidi, hadi karne ya 19 ulipochimbwa mfereji wa Belezoni kuiunganisha na Ozi, na maji yakaifuata njia hiyo mpya. Hivyo Tana imejenga delta, lakini mkono wake wa mwisho karibu na Kipini una tabia ya hori: maji hujaa na kupwa, na chumvi hupanda.

Hesabu inapogeuka

Wakulima wa mpunga wa Ozi hutegemea tabia hiyo. Bahari ikijaa, husukuma na kuinua maji baridi ya mto hadi yakaingia mashambani yenyewe. Mpango huu hufaulu mradi mto uwe na nguvu ya kuizuia chumvi isifike hapo.

Maji ya chumvi ni mazito, kwa hiyo hupanda mto yakipita chini, na maji baridi yakielea juu. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi, na mpunga huanza kudhoofika ikifika karibu gramu 2. Maana yake ni kwamba ndoo moja ya maji ya bahari ikichanganywa na ndoo 16 za maji baridi, tayari mchanganyiko huo unaweza kuudhuru. Anayeonja maji ya juu tu anaweza kudanganyika. Kipimo cha kuaminika ni maji ya karibu na sakafu ya mto, yachotwe bahari ikiwa imejaa, hasa siku za bamvua wakati wa kiangazi.

Mabwawa matano makubwa yalijengwa juu ya Tana kati ya 1968 na 1988, likiwemo Masinga lililokamilika 1981. Bwawa hunasa udongo na kupunguza mafuriko, na mafuriko ndiyo yanayosambaza tope katika delta. Udongo mpya hulala wenyewe kwa uzito wake na kushuka polepole. Usipoongezwa mwingine juu yake, ardhi hubaki chini huku bahari ikipanda. Dalili zake ni hizi: mikoko kuota mahali palipokuwa na nyasi za maji baridi, visima vya kando ya mto kuwa na chumvi, na ufuo kuliwa karibu na mlango. Zikionekana pamoja, delta imeanza kurudi kuwa hori.