Ufunguo wa siri: jinsi ya kuuweka kwenye simu na kompyuta mpakato, na tofauti yake na nywila na misimbo

Mtihani ukiisha, barua pepe yako ndiyo itakayobeba mambo mengi: maombi ya chuo, maombi ya mkopo, na viungo vya kubadili nywila za mifumo mingine. Anayeishika barua pepe yako anaweza kubonyeza `Forgot password` kwenye mifumo hiyo na kuingia kwa jina lako. Kwa hiyo katika somo hili tutatumia akaunti ya Google, ambayo watahiniwa wengi wanayo tayari kwa sababu simu ya Android huiomba siku ya kwanza. Google ilianza kuruhusu ufunguo wa siri kwenye akaunti binafsi mwezi Mei 2023. Kwenye skrini ya Kiingereza utauona umeandikwa `Passkey`.

Kwanza tuangalie udhaifu wa njia mbili za zamani.

Nywila ni siri ya pamoja. Wewe unaijua, na seva ina namna ya kuitambua. Ili kuthibitisha kuwa ni wewe, lazima uitamke, yaani uiandike na kuituma. Ukiiandika kwenye ukurasa wa bandia, mwenye ukurasa ameipata, na kesho ataitumia bila wewe kuwepo.

Msimbo wa tarakimu 6 unaokuja kwa ujumbe mfupi ulibuniwa kuziba pengo hilo, kwa kuwa huisha muda baada ya dakika chache. Lakini nao unaandikwa na kutumwa. Tapeli akikupigia na kusema, "Kuna namba imeingia kimakosa kwenye simu yako, nisomee," ukamsomea, dakika hizo chache zinamtosha kabisa. Kwa mkazi wa Sirari kuna tatizo la pili. Ukivuka kwenda Isebania na kuweka laini ya Kenya kwenye simu, msimbo unatumwa kwenye laini ya Tanzania ambayo ipo mfukoni. Unasubiri, hauji, unabonyeza tena, hauji. Na tapeli aliyefanikiwa kuihamisha namba yako kwenye laini yake ataupokea yeye.

Ufunguo wa siri hauna kitu cha kutamka. Simu hutengeneza namba mbili zinazokwenda pamoja. Moja ni ufunguo binafsi, nao haupewi seva hata siku moja. Nyingine ni ufunguo wa umma, nao hupelekwa Google ukahifadhiwa huko. Unapoingia, seva hutuma namba mpya ya jaribio, simu huifanyia hesabu kwa ufunguo binafsi na kurudisha jibu, kisha seva hulipima jibu kwa ufunguo wa umma.

Tuifanye hesabu hiyo kwa namba ndogo. Ufunguo wa umma ni 3 na 33. Ufunguo binafsi, ulio ndani ya simu, ni 7.

Seva inatuma jaribio: 5. Simu inakokotoa 5 kwa kipeo cha 7, yaani 78125, inagawanya kwa 33 na kuchukua baki. Mara 2367 ni 78111, kwa hiyo baki ni 14. Simu inatuma 14. Seva inachukua 14 kwa kipeo cha 3, yaani 2744, inagawanya kwa 33. Mara 83 ni 2739, baki ni 5. Ni ile ile iliyotumwa, mlango unafunguka.

Sasa chukua kuwa tapeli amenasa jibu 14 njiani. Usiku anajaribu kuingia. Seva haitumi 5 tena, inatuma 8. Tapeli anarudisha 14, seva inapima na kupata 5, si 8, anakataliwa. Jibu sahihi la 8 lilikuwa 2, kwa sababu 2 kwa kipeo cha 3 ni 8, lakini kulipata kulihitaji ile 7 iliyo ndani ya simu yako. Hapa ndipo ilipo tofauti kubwa na nywila. Kilichopita hewani hakina kazi tena, na hata mtu akiiba orodha yote ya seva ataambulia 3 na 33, ambazo hazimwingizi popote.

Utasema, mbona mimi naweza kuikisia 7 kutoka 3 na 33? Ni kweli, kwa kuwa 33 ni ndogo na kila mtu anaona kuwa ni 3 mara 11. Funguo halisi hutumia namba zenye tarakimu nyingi mno, na mara nyingi hesabu ya aina nyingine iliyo ngumu zaidi kurudishwa nyuma. Wazo la jaribio na jibu ni hilo hilo.

Kuna jambo jingine ambalo watahiniwa huliruka. Ufunguo hufungamana na jina la tovuti. Angalia anwani hizi mbili:

```
https://accounts.google.com
https://accounts-google.example
```

Ya pili tumeitunga. Jicho lililochoka linaweza kuzichanganya, lakini kivinjari hakichanganyi. Kikiwa kwenye ya pili kinatafuta ufunguo wa jina hilo, hakioni, na hakina cha kukupa. Ukiona ukurasa unaofanana na wa Google lakini simu haiuoni ufunguo wako, kisha ukurasa unakubembeleza uandike nywila, funga ukurasa huo kwanza, usitafute njia nyingine.

Tuingie kwenye kazi yenyewe. Simu iwe Android 9 au zaidi, au iPhone yenye iOS 16 au zaidi, na lazima iwe na kifunga skrini: namba, mchoro au alama ya kidole. Bila hicho haitakubali kutengeneza ufunguo. Fungua kivinjari, nenda `myaccount.google.com`, gusa sehemu inayoanza na neno `Security`, kisha `Passkeys and security keys`, kisha `Create a passkey`. Simu itakuomba ufungue kwa kidole au namba kama unavyofungua skrini kila siku. Baada ya hapo ufunguo utaonekana kwenye orodha pamoja na tarehe. Usishangae ukikuta simu yako ya Android imeshaorodheshwa hapo, kwani Google huwatengenezea wengine yenyewe.

Alama ya kidole haiendi Google. Inabaki kwenye simu, na kazi yake ni kuiruhusu simu ifanye ile hesabu. Swali hili hupenda kuulizwa, na wengi hujibu kinyume.

Kwenye kompyuta mpakato jiulize kwanza ni ya nani. Kama ni yako peke yako na ina Windows 10 au zaidi, ingia kwenye akaunti na urudie hatua zile zile. Safari hii utathibitisha kwa namba ya `Windows Hello`, uso au kidole, na kompyuta itakuwa na ufunguo wake.

Kama ni ya shule, ya intaneti kafe au ya kaka, usitengeneze ufunguo hapo. Tumia ulio kwenye simu. Andika anwani yako ya barua pepe. Ukiombwa nywila, chagua `Try another way`, kisha njia ya `passkey`, kisha kutumia kifaa kingine. Maneno hutofautiana kidogo kati ya kivinjari na kivinjari. Utatokea mchoro wa miraba myeusi na myeupe uitwao `QR`. Uelekezee kamera ya simu, gusa kiungo kinachojitokeza, weka kidole. Kompyuta itafunguka, na ufunguo utakuwa haujatoka kwenye simu. Ikikuuliza baadaye kama unataka kuweka ufunguo kwenye kompyuta hiyo, kataa, na ukimaliza toka kwenye akaunti.

Njia hii hukwama zaidi kwa sababu ya `Bluetooth`. Vifaa vyote viwili lazima viwe nayo na iwe imewashwa, kwa sababu ndiyo inayothibitisha kuwa simu ipo karibu na kompyuta. Bila sharti hilo, tapeli aliye Dar es Salaam angeweza kukutumia picha ya mchoro wake uuskani ukiwa Sirari, na akaingia yeye. Ukiona simu inazunguka tu ikisema inaunganisha, angalia `Bluetooth` kwanza, kisha bando, maana simu nayo inahitaji intaneti. Kompyuta za mezani za zamani mara nyingi hazina `Bluetooth` kabisa. Kwa hizo itabidi utumie njia nyingine.

Sasa mipaka yake. Kwa familia zinazotumia simu moja, huu ndio mpaka mkubwa kuliko yote: ufunguo humtambua anayeweza kufungua skrini, si wewe. Kama mdogo wako, mjomba na jirani wameweka vidole vyao kwenye simu hiyo, wote wanaweza kuingia kwenye barua pepe yako. Ufunguo kwenye simu ambayo namba yake inajulikana nyumba nzima ni dhaifu kuliko nywila nzuri iliyo kichwani mwako. Kwenye simu ya namna hiyo nisingeuweka.

Pili, kuweka ufunguo hakufuti nywila. Nywila ya Google inabaki, na aliye nayo atajaribu kupitia mlango huo. Kwa hiyo iwe ndefu, na isiwe ile unayoitumia kila mahali. Washa pia uthibitishaji wa hatua mbili, kisha chukua misimbo ya akiba, `Backup codes`. Iko 10, kila mmoja una tarakimu 8 na hutumika mara moja. Iandike kwenye karatasi na uiweke na cheti cha kuzaliwa, isikae ndani ya simu hiyo hiyo.

Tatu, usiuchanganye na namba ya siri ya huduma ya pesa ya simu. Ufunguo wa akaunti ya Google haulindi pesa zako kwenye laini.

Simu ikiibwa, mwizi anahitaji kwanza kufungua skrini. Wewe ingia kwenye `myaccount.google.com` kupitia kifaa kingine unachoaminiana nacho, ukitumia nywila na msimbo mmoja wa akiba, fungua `Your devices` na uiondoe simu hiyo, kisha futa ufunguo wake kama bado unaonekana kwenye orodha. Ufunguo uliotengenezwa kwenye Android huhifadhiwa pia kwa usimbaji kwenye akaunti, hivyo unaweza kurudi kwenye simu mpya, lakini utaulizwa namba uliyokuwa ukifungulia skrini ya simu ya zamani, au namba ya `Google Password Manager` kama uliiweka. Aliyeisahau atakwama hapo.

Maswali ya kujipima

1. Ufunguo wa umma ni 3 na 33, ufunguo binafsi ni 7. Seva imetuma jaribio 4. Tafuta jibu la simu, kisha onesha jinsi seva inavyolipima. (Jibu: 4 kwa kipeo cha 7 ni 16384, baki 16. Seva: 16 kwa kipeo cha 3 ni 4096, baki 4.)

2. Mwanafunzi ameskani mchoro wa `QR` kwenye kompyuta ya shule, simu ina bando na ufunguo upo, lakini haiunganishi. Taja kitu cha kwanza utakachoangalia na ueleze kwa nini kimewekwa kuwa sharti.

3. Tapeli ameiba nakala ya orodha ya funguo za umma kutoka kwenye seva. Eleza kwa nini hawezi kuingia kwenye akaunti, kisha linganisha na aliyeiba orodha ya nywila.

4. Simu moja inatumiwa na watu watatu, wote wameweka alama za vidole. Je, utamshauri mmoja wao aweke ufunguo wa siri wa barua pepe yake humo? Toa sababu.