Kuandika CV ya ukurasa moja kwa mtu wa kazi ya mikono



Mara mingi tangazo la kazi linabandikwa ku mlango wa ofisi ya sheferi: wanatafuta mtunza kitalu, fundi wa kushona, mlinzi wa depo ya mbegu. Mtu anayejua kazi ile vizuri anasoma, anafika kwenye neno « CV », kisha anarudi nyumbani. Anasema: mimi niliachia darasa la 4, nitaandika nini? Leo tutaandika pamoja CV ya mtu wa namna hiyo, kwa ukurasa moja tu.

Tutwae mfano wa mama mmoja wa upande wa Minova, mu Kalehe. Miaka mitatu ametunza kitalu cha kahawa arabika cha koperative yake. Sasa projeti moja inatafuta mtunza kitalu. Alienda mu mji, kwa mwandikishaji wa mashini, na akarudi na karatasi hii: « Mkulima, mchapakazi, mwaminifu, anajua kompyuta, anapenda kusoma. » Yule kijana wa mashini alitoa tu CV ya mtu mwingine na kubadilisha jina. Kompyuta, mama hajawahi kuigusa. Na hata maneno mengine, ingawa ni ya kweli, hayamusaidii, juu kila mtu anaandika kama yeye ni mchapakazi. Anayesoma CV 40 kwa siku moja anayaruka.

Msomaji yule anatafuta vitu vine: unajua kufanya nini, ulifanya kiasi gani, wakati gani, na nani aliona. Twende navyo moja moja kwa mama wetu.

Kwanza, kazi yenyewe. « Mkulima » ni neno pana sana. Mwambie mama aeleze kazi yake tangu mbegu mpaka siku mche unatoka, na wewe uandike vile anasema. Atasema: ninapanda mbegu mu kitanda cha mchanga, ninafunika na majani makavu, ninamwangilia. Mbegu ikiinua kichwa kama askari, ao ikifungua majani mawili kama kipepeo, ninaihamisha mu sashe. Ninatoboa shimo refu na kijiti ili mzizi mkuu usipindane. Simama hapo, andika neno hilo! Mche wenye mzizi uliopinda unaweza kuonekana mzuri mu kitalu, lakini kisha, mu shamba, unadhoofika na kuwa njano. Agronomu akisoma mustari ule, anajua kama huyu mama ameshika miche na mikono yake. Neno moja kama hilo, ambalo mtu asiyefanya kazi hawezi kulibuni, linapita « mchapakazi » kumi.

Pili, kiasi. Mama anasema hakuhesabu miche. Haina shida, tutapima. Vitanda vyake ni 3, kila kimoja metre 1 kwa upana na metre 10 kwa urefu. Sashe moja iliyojaa udongo inachukua karibu santimetre 10. Kwa upana zinaingia 10, kwa urefu 100, basi kitanda kimoja ni sashe 1000, na vyote vitatu ni 3000. Lakini sashe si mche uliopona. Tuliuliza mwandishi wa koperative, akafungua kitabu cha kugawa miche: kwa kila mwaka, miche karibu 2500 ilitoka. Kwa nafasi ya metre 2 kwa metre 2, hiyo inatosha kupanda hektari 1. Hesabu hiyo ndiyo tunaweka, kwa sababu kitabu kipo na mtu anaweza kwenda kuangalia. Usiongeze hata sufuri moja. Mtu akiandika miche 25000 na akasema vitanda ni 3, anayejua atagundua mara moja, na hataamini tena mistari mingine.

Tatu, wakati. Wengi hawakumbuki mwaka. Tafuta kitu ambacho watu wote wanakumbuka. Mama alisema: kitalu cha kwanza kilikuwa kimeshajaa sashe wakati watu wa Goma walikimbilia huku juu ya volkano. Hiyo ni Mei 2021. Kisha akahesabu vitalu viwili vilivyofuata: 2022 na 2023. Kwa mazao mengine, hesabu kwa msimu A wa Septemba na msimu B wa Februari.

Nne, mashahidi. Weka watu wawili walioona kazi, kwa mfano prezida wa koperative na agronomu wa sekteri, pamoja na nambari zao za telefone. Uwaombe ruhusa mbele, na uwaambie umeandika nini. Shahidi akipigiwa simu na kusema « mama gani? », CV imekufa.

Basi karatasi ya mama inakuwa hivi:

Jina, kijiji, telefone
Kazi ninayoomba: mtunza kitalu cha kahawa
Ninachojua kufanya:
Kutunza kitalu cha arabika tangu mbegu mpaka mche wa kupanda: vitanda 3, miche karibu 2500 iliyogawiwa kila mwaka (2021, 2022, 2023).
Kuhamisha miche mu sashe bila kupinda mzizi mkuu.
Kupunguza kivuli pole pole mbele ya kupanda, ili miche izoee jua.
Kuongoza watu 4 wa kujaza sashe na kuandika siku zao za kazi mu kaye.
Lugha: Kiswahili (ninasoma na kuandika), Kihavu
Masomo: darasa la 4 la msingi
Mashahidi: majina 2 na telefone

Muone: masomo yako chini, lakini yako. Usiyafiche, wala usiandike « diploma » ambayo hauna. Kama tangazo linadai D6 kama sherti, CV hii haitaifungua njia ile, itawekwa pembeni. Tafuta tangazo linalosema « uzoefu ». Tena jina liandikwe herufi kwa herufi sawa na ku kadi ya mchaguzi, kwa sababu ndiyo utaonyesha siku ya kuitwa.

Kwa fundi wa kushona njia ni ile ile. « Ninajua kushona » haitoshi. Wengi wanashona kitambaa kilichokatwa na mwingine. Shefu wa atelie anataka kujua kama unaweza kupima mtu na kukata wewe mwenyewe. Andika: ninapima, ninakata na kushona yunifomu za shule na libaya, ku mashini ya mguu, na yunifomu ngapi ulitoa mbele ya masomo kuanza. Kama unajua kutengeneza mashini ikikata uzi, weka mustari wake.

Kazi nyingi kwetu zinaomba CV ya Kifaransa. Andika kwanza kwa Kiswahili, kisha mwalimu ao mwandishi wa koperative ageuze. Akimaliza, akusomee mustari kwa mustari na kukufasiria. Mustari ambao hauwezi kuueleza kwa mdomo wako, aufute, hata kama ni muzuri. Mama wetu aliitwa, na hawakumuuliza juu ya karatasi. Walimpa kijiti, sashe 10 na miche, wakasema: hamisha.

Omba nakala 3, uziweke mu plastiki, mbali na mvua na panya. Moja ibaki mu ofisi ya koperative.