Cherehani ni Mali, Mkopo Wake ni Deni: Hesabu ya Fundi wa Rumonge

Mjini Rumonge, kwenye ufuo wa Burundi wa Ziwa Tanganyika, pesa za soko hufuata mwezi. Wavuvi wa dagaa huvua usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kali taa hazivuti samaki, basi mitumbwi hupumzika. Siku hizo hata anayeuza vitenge huona tofauti. Mawese, zao kubwa la eneo hili, nayo yana miezi yake ya neema na miezi yake ya uhaba. Fundi cherehani anayewashonea watu hawa hupata pesa kwa kupanda na kushuka, lakini marejesho ya mkopo huja kila mwezi kwa kiasi kilekile. Hapo ndipo tofauti ya mali na deni inapomgusa mtu.

Simulizi hii ni ya mfano, na bei zake ni za kufanyia hesabu tu. Msomaji aweke bei za soko lake.

Fundi mmoja wa kike alikuwa akikodi cherehani ya kukanyaga kwa faranga 80,000 kwa mwezi. Akaamua kununua yake kwa 800,000. Akiba yake ilikuwa 300,000, na zilizobaki 500,000 akazikopa katika kikundi cha kuweka na kukopa. Walikubaliana arudishe 100,000 kila mwezi kwa miezi sita, maana yake riba yote ni 100,000. Cherehani ilipofika barazani alimwambia mhazini wa kikundi, “Mama, leo nami nina mali ya laki nane.”

“Hongera, mwanangu,” mhazini akajibu. “Lakini una cherehani ya laki nane na deni la laki tano, bado riba. Andika vyote viwili.”

Akamchorea mstari katikati ya ukurasa wa daftari. Upande wa kushoto ni mali: kitu chochote kilicho chako kitakachokuletea pesa au kukuokolea pesa mbele. Upande wa kulia ni madeni: lolote unalowajibika kulitoa kwa mtu mwingine, liwe pesa au kazi. Kushoto iliandikwa cherehani, 800,000. Kulia mkopo, 500,000. Tofauti, 300,000, ndiyo iliyokuwa yake mwenyewe siku ile, na ni sawasawa na akiba aliyoitoa. Kukopa hakukumtajirisha wala kumfukarisha. Kulimpa kitu na wajibu kwa wakati mmoja.

Biashara ya cherehani imekuwa hivyo tangu zamani. Mwaka 1856 kampuni ya Singer ya Marekani ilianza kuuza cherehani kwa malipo ya kidogo kidogo, kwa sababu familia nyingi hazikuweza kutoa bei yote mara moja. Mteja aliondoka dukani na mashine na deni, na mashine ilitakiwa ifanye kazi ya kulilipa deni hilo.

Je, cherehani ya fundi wetu ilifanya kazi hiyo? Wengi hujibu kwa kutazama mapato yote ya ushonaji, na hapo hukosea, kwa sababu sehemu kubwa ya mapato hayo ni ujira wa mikono yao. Hata kwa mashine ya kukodi angeshona. Kilicholetwa na cherehani yenyewe ni ile kodi ya 80,000 ambayo hailipi tena. Toa 10,000 za mafuta, sindano, mkanda na matengenezo, zinabaki 70,000 kwa mwezi. Bei pamoja na riba ni 900,000. Ukigawanya kwa 70,000 unapata takriban miezi 13. Baada ya hapo cherehani imejilipa, na ikitunzwa itaendelea kumletea faida kwa miaka.

Katika miezi sita ya mkopo, hata hivyo, alitoa 110,000 za marejesho na matengenezo badala ya kodi ya 80,000. Alipaswa kutafuta 30,000 zaidi kila mwezi. Aliziweza, kwa kuwa alikopa kabla ya Septemba, wakati wazazi wanaposhonesha sare za shule, na aliomba siku ya marejesho ipangwe wakati mitumbwi inaingia ziwani, si wakati wa mbalamwezi.

Daftari lilimfunza jambo jingine. Vitenge vya wateja vilivyojaa kwenye rafu si mali yake, ni vya wenyewe. Kianzio alichopokea kabla ya kukata kitambaa ni deni: anadaiwa gauni. Akikitumia kianzio kununulia unga nyumbani, baadaye hana pesa ya uzi, na mteja wa pili ndiye anayemlipia nyuzi za mteja wa kwanza. Nguo iliyokwisha kushonwa, na mteja bado hajamaliza kulipa, ndiyo inayoingia kushoto, kwa kiasi kilichobaki kulipwa. Kama mteja haonekani tena, apunguze au afute kiasi hicho.

Mwaka wa pili alikopa tena, safari hii kununua cherehani ya umeme ya kudarizi. Bei ilikuwa 1,200,000, naye alitakiwa kurudisha 200,000 kila mwezi kwa miezi sita. Umeme ulikatika mara kwa mara, na wateja wa kudarizi walikuwa wachache. Baada ya kutoa uzi na umeme, mashine ilimwingizia 30,000 tu kwa mwezi. Zilizopungua, 170,000, zilitoka kwenye kazi ya cherehani ya kwanza, yaani kwenye chakula cha nyumbani.

Baada ya miezi miwili aliuliza sokoni, akapata mnunuzi wa 700,000. Marejesho yaliyobaki yalikuwa 800,000. Mashine ilikuwa bado mali, lakini thamani yake ilikuwa imeshuka, na deni halikushuka kwa sababu hiyo. Akiuza, angeongeza 100,000 na kumaliza. Akiendelea, angelipa 800,000 na kupata 120,000 katika miezi minne, yaani 680,000 kutoka mfukoni. Tofauti ya 580,000 ingehitaji zaidi ya miezi 19 kurudi kwa mapato ya 30,000, na mashine inazidi kuchakaa. Akauza.

Kabla ya kukopa kwa ajili ya cherehani, fanya mambo matatu. Kwanza, kodi mashine ya aina hiyo hata kwa wiki chache, uhesabu kazi halisi inayokuja, si kazi unayoitumaini. Pili, pima marejesho kwa mwezi wako mbaya. Mwaka 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kwa miezi mitatu ili samaki wazaane. Jiulize kama ungelipa katika miezi kama hiyo. Tatu, uliza bei ya kuiuza ikiwa imetumika, kwa kuwa hiyo ndiyo itakayokuokoa mambo yakiharibika.

Na ukishanunua, chora mstari katikati ya ukurasa kila mwisho wa mwezi, uandike ulivyonavyo na unavyodaiwa. Upande wa kulia ukizidi wa kushoto, au ukiona pesa ya chakula inalipia mashine isiyofanya kazi, nenda mapema kwa waliokukopesha mzungumze, kabla ya siku ya malipo kupita.