Bangili ya Dhahabu au Akaunti ya Akiba: Hebu Tupige Hesabu

Kwa familia nyingi za Pwani, bangili za harusi ndizo benki ya mama. Siku ya shida, moja inapelekwa kwa sonara. Je, pesa hizo zingefanya vizuri zaidi kwenye akaunti ya akiba?

Tuchukue mfano wa mama aliyenunua bangili ya gramu 20 mwishoni mwa 2014. Ni ya karati 22, yaani sehemu 22 kati ya 24 ni dhahabu halisi, na ndani imepigwa muhuri wa 916. Kwa bei ya dunia ya wakati huo, dhahabu yenyewe ilikuwa kama shilingi 63,600. Tuseme sonara aliongeza asilimia 12 ya ufundi. Mama akalipa kama 71,200.

Miaka kumi baadaye, dhahabu ya bangili ile ilikuwa imefika karibu 197,000. Sonara akikata asilimia 5 wakati wa kuinunua, mama anaondoka na kama 187,000. Zile 71,200 zingekaa kwenye akaunti yenye riba ya asilimia 5 kwa mwaka, baada ya kodi ya asilimia 15 inayokatwa kwenye riba, zingekuwa kama 108,000. Hapo dhahabu imeshinda, tena kwa mbali.

Lakini ngoja kidogo. Jirani yake alinunua bangili kama hiyo mwishoni mwa 2012, bei ikiwa juu, kwa kama 94,000. Mwaka wa 2015 karo ikambana, akauza. Bei ya dhahabu ilikuwa imeshuka, ufundi haurudishwi, na sonara akakata chake. Alipata kama 60,000. Kwenye akaunti, 94,000 zake zingekuwepo zote, na riba juu.

Kwa hivyo swali la kwanza ni: pesa hizi utazihitaji lini? Karo ya mwaka ujao au kodi ya nyumba, weka kwenye akaunti. Hata ukihitaji 3,000 tu unazitoa, lakini bangili huwezi kuikata kipande. Pesa ambazo hutazigusa kwa miaka kumi na zaidi, sehemu yake inaweza kukaa kwenye dhahabu, ukijua kwamba bei inaweza kukugeuka.

Ukiamua kununua, chagua bangili isiyo na nakshi nyingi, maana nakshi ndiyo inayopandisha ufundi. Omba ipimwe mbele yako, bila vito. Risiti ionyeshe gramu, karati, na ufundi kando na bei ya dhahabu. Kabla hujalipa, muulize sonara: "Nikikuletea hii kesho, utainunua kwa ngapi?" Tofauti ya bei hizo mbili ndiyo hasara unayoanza nayo. Ikiwa ni kubwa, jaribu duka lingine.