Kwa nini ukibonyeza linki ya imeili unaambiwa uingie upya?

Wateja wengi hutuuliza swali hili. Umefungua akaunti yako kwa brauza ukiwa tao, uko ndani ya matatu ya 46 kuelekea Kawangware, unabonyeza linki ya risiti kwenye imeili, na tovuti inakuomba namba ya siri kana kwamba haikujui. Inaudhi, tunajua. Lakini tumeifanya hivyo makusudi.

Ukishaingia, seva yetu huipa brauza yako kuki, kijisehemu cha maandishi ambacho brauza hurudisha kila unapofungua ukurasa wetu. Hiyo ndiyo inatuambia bado ni wewe. Anayeipata haihitaji namba yako ya siri. Ndiyo maana tunaituma na masharti:

```
Set-Cookie: kikao=8f3a91; Secure; HttpOnly; SameSite=Strict
```

Sharti la mwisho ndilo linalokusumbua. Tuseme mtu amekutumia meseji, “Umeshinda 5,000, bonyeza hapa.” Ukurasa unaofunguka una fomu iliyofichwa, na fomu hiyo inatuma ombi kwetu: hamisha pesa kwenda namba fulani. Zamani brauza ingeambatanisha kuki yako bila kuuliza, na seva ingedhani ni wewe umeomba. Kwa `SameSite=Strict`, ombi likianzia tovuti nyingine kuki haiendi, kwa hivyo kwetu linafika kama la mgeni. Ubaya ni kwamba linki ya imeili nayo imeanzia kwingine, ukisoma imeili kwenye brauza. `Lax` ingekupunguzia usumbufu, kwa sababu inaruhusu kuki ukibonyeza linki ya kawaida na kuizuia fomu kama ile. Kwa kurasa za pesa, sisi tumechagua ukali.

`Secure` inamaanisha kuki isafiri kwa `https` pekee. Mwaka wa 2010 Eric Butler alitoa programu iitwayo Firesheep, ikaonyesha kwamba mtu aliye kwenye wai-fai moja na wewe, kama ile ya bure ya mkahawa pale Westlands, angeweza kunasa kuki zisizosimbwa na kuingia akaunti yako kwa kubofya tu.

`HttpOnly` nayo huzuia skripti ya ukurasa kusoma kuki. Mhalifu akifaulu kupenyeza skripti yake, hawezi kuondoka na kuki, ingawa ukurasa ukiwa wazi skripti hiyo bado inaweza kutuma maombi kwa jina lako.

Unataka kuhakikisha? Kwenye kompyuta, ingia kwa Chrome, bonyeza F12, fungua Application, kisha Cookies. Tafuta `kikao`: safu za HttpOnly na Secure ziwe na alama ya tiki, na SameSite isomeke Strict.

Masharti haya hayakusaidii ukiondoka saiba ya Moi Avenue bila kubonyeza “Toka”. Brauza ile bado inayo kuki yako, na anayekaa kiti hicho baada yako anatumia brauza hiyo hiyo.